"Hujala?" "Ndiyo.": Uchambuzi wa majibu mawili yaliyogeuka kabla ya upasuaji

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja nchini Marekani, asubuhi ya upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kivu ya Kusini huko mashariki mwa Kongo, aliyefika Marekani baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya sokoni, ya kanisani na ya kambini, na Kiingereza chake hakikuvuka salamu. Muuguzi aliyemwandaa hakujua Kiswahili hata kidogo, kwa hiyo wawili hao walizungumza kupitia mkalimani wa simu, kijana wa pwani ya Kenya mwenye uzoefu na Kiswahili fasaha. Mimi niliingia baadaye, nilipoombwa kukaa na mkalimani huyo ili tupitie mazungumzo yale hatua kwa hatua na kuona jibu liligeukia wapi. Yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Maswali na majibu nimeyaacha kama yalivyokuwa, ila yaliyosemwa kwa Kiingereza nimeyaweka kwa Kiswahili.

Upasuaji ulipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Kabla mtu hajapewa nusukaputi ni lazima ijulikane tumbo lake lina nini, kwa sababu dawa za usingizi hulegeza misuli na kuzima kikohozi kinacholinda njia ya hewa, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda hadi kooni na kushuka mapafuni. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine, kanuni inayofuatwa na wataalamu wa usingizi wa Marekani ni kwamba kuanzia chakula chepesi au maziwa hadi upasuaji zipite angalau saa 6, baada ya chakula cha mafuta mengi zipite saa 8 au zaidi, na baada ya maji au kinywaji kingine kinachopitisha mwanga zipite saa 2. Chai ya rangi huwekwa katika kundi la maji. Chai ya maziwa huhesabiwa pamoja na chakula chepesi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua mambo asubuhi ile.

Muuguzi aliuliza: "Hujala kitu chochote tangu saa sita usiku?"

Mkalimani akalifikisha swali kwa Kiswahili kama lilivyo. Mama akajibu, "Ndiyo." Mkalimani akampa muuguzi neno la Kiingereza linalolingana nalo katika kamusi, yaani "yesi".

Muuguzi akaendelea: "Na hujanywa chochote?"

Mama akajibu, "Hapana." Mkalimani akasema, "No."

Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa amekula, ila hajanywa kitu. Ukweli ulikuwa kinyume cha yote mawili. Mama hakuwa ametia chakula mdomoni tangu jioni ya jana yake, lakini saa kumi na moja alfajiri alikuwa amekunywa kikombe cha chai ya maziwa alipokuwa akimeza dawa yake ya presha. Alikuwa ameambiwa asile, na kwa ufahamu wake kikombe kimoja cha kusindikizia dawa hakikuwa kula.

Lililofuata linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba makosa haya mawili hayakuwa na uzito sawa. Kwa kuwa alikuwa ameandika kwamba mgonjwa amekula, muuguzi alilazimika kuendelea na swali la pili: amekula nini, na saa ngapi? Mama alishangaa. "Sijala," alisema. "Si nimekwambia sijala?" Hapo ndipo muuguzi alipotambua kwamba kuna kitu kimepinda, na kwa busara akaacha kuiamini karatasi yake yote, akaanza upya kwa maneno mengine: "Tangu ulipoamka leo umeweka nini mdomoni?" Jibu likatoka bila kusita: chai na dawa ya presha. Chai ya namna gani? Ya maziwa, kikombe kimoja. Saa ngapi? Saa kumi na moja, kabla ya gari kuja. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi ni saa 3 tu, na maziwa yanadai saa 6, hivyo upasuaji usingeweza kuanza kabla ya saa tano. Mtaalamu wa usingizi aliusogeza hadi saa sita mchana. Kama chai ile ingekuwa ya rangi, wangeendelea kwa ratiba ile ile.

Kosa la kwanza, la kumhesabu mwenye njaa kuwa amekula, hujitangaza lenyewe, kwa kuwa jibu la "amekula" huzaa maswali mengine, na katika maswali hayo ukweli hujitokeza. Kosa la pili, la kumhesabu aliyekunywa kuwa hajanywa, hufunga mazungumzo. Muuguzi aliyesikia "hajanywa" hana sababu ya kuuliza zaidi, anageuza ukurasa na kuendelea na dawa na mizio. Lau swali la chakula lingekuwa limejibiwa sawasawa, chai ya maziwa isingegunduliwa na mtu yeyote. Kosa lisilo na hatari kubwa ndilo lililolifichua lile la hatari, na hospitali haiwezi kutegemea bahati ya namna hiyo.

Jambo la kwanza nililotaka mkalimani alione ni kwamba mama hakujichanganya. Majibu yake yote mawili yalifuata kanuni moja. Alipoulizwa "Hujala?" aliisikia kauli iliyomo ndani ya swali, yaani "wewe hujala", akaipima na ukweli, akaona inalingana, akasema "ndiyo", maana yake ni hivyo hasa, sijala. Alipoulizwa "Hujanywa?" akaisikia kauli "wewe hujanywa", akaipima, akaona hailingani, akasema "hapana", maana yake si hivyo, nimekunywa. Hivi ndivyo Kiswahili kinavyojibu swali kanushi katika vinywa vya wengi waliokulia ndani yake. Neno "ndiyo" limeundwa na "ndi-" ya kusisitiza na kirejeshi "-yo", na kazi yake ni kuthibitisha kwamba neno lililosemwa ndilo lenyewe. Linaelekea kwenye usemi wa muulizaji. Wajapani hujibu kwa mtindo huo huo, na mtu wa Kivu na mtu wa Tokyo wangeelewana katika jambo hili kuliko yeyote kati yao angeelewana na mtu wa Boston.

Kiingereza cha leo hakiipimi kauli ya muulizaji. Kinatazama kitenzi kitakachofuata katika jibu. Kitenzi kikiwa cha kukubali, "nimekula", jibu hutanguliwa na "yesi". Kikiwa cha kukana, "sijala", hutanguliwa na "no", hata kama swali lenyewe lilikuwa la kukana. Kwa hiyo Mwingereza aliyefunga akiulizwa kama hajala atajibu "no", na Mswahili aliyefunga vilevile atajibu "ndiyo", nao wanasema jambo moja. Mkalimani anayebadilisha neno kwa neno anapeleka upande wa pili maana iliyopinduka, ingawa kila neno alilolitamka lina ushahidi wa kamusi.

Yafaa kujua pia kwamba Kiingereza hakikuwa hivi siku zote. Hadi karne ya 16 kilikuwa na maneno manne ya kujibia: "yei" na "nei" kwa swali lililoulizwa kwa kukubali, "yesi" na "no" kwa swali lililoulizwa kwa kukana. Mwaka 1532 Thomas More alimshutumu hadharani William Tyndale, mfasiri wa Agano Jipya, kwa kutumia "no" pale Yohana Mbatizaji alipoulizwa kama yeye ndiye yule nabii, ilhali swali hilo liliulizwa kwa kukubali na lilistahili "nei". Baadaye mgawanyo huo ukafa, "yei" na "nei" zikabaki katika maandiko na desturi chache, na zile mbili zilizokuwa za maswali kanushi zikabeba kazi yote. Neno "yesi", kwa hiyo, lilizaliwa kama neno la kumpinga anayekana, na mpaka leo mzungumzaji wa Kiingereza akilisikia baada ya swali kanushi huelekea kusikia upinzani: "la, nimekula." Hivyo ndivyo muuguzi wetu alivyosikia, na kwa lugha yake hakukosea.

Wasomaji waliopita madrasa wanaijua tofauti hii kwa njia nyingine. Kiarabu kina "naam" ya kuthibitisha kauli kama ilivyo, na kina "bala" ya kuvunja ukanusho. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 172, Mwenyezi Mungu anawauliza wana wa Adamu, Je, Mimi si Mola wenu? Nao wanajibu "bala", yaani hakika Wewe ni Mola wetu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau wangejibu "naam" wangekuwa wamekufuru, kwa sababu "naam" ingekubaliana na ule ukanusho uliomo katika swali. Kifaransa nacho kina neno lake la kazi hiyo, "si", ambalo Mkongomani aliyesoma shule hulijua vizuri. Kiswahili kilichukua "naam" na "la" kutoka Kiarabu, lakini "bala" hakikuichukua, na pengo hilo ndilo "hapana" ya mama yule ilipokaa. Hapa niseme kwa ajili ya wakalimani wenzangu wanaowahudumia Wakongomani: mgonjwa aliyezoea Kifaransa anaweza kujibu "si" katikati ya Kiswahili chake akimaanisha "kinyume chake, nimekunywa", na sikio la mtu wa pwani, linalojua "si" ya kukana tu, likasikia "sijanywa".

Sasa nirudi kwenye maneno ya mama aliposhangaa: "Si nimekwambia sijala?" Sentensi hiyo ina kanusho mbili, na kila moja inafanya kazi yake. "Sijala" imo ndani ya kauli. "Si" ya mwanzoni imesimama nje ya kauli, nayo haikani kitu. Inamvuta msikilizaji akubali. Mtu akikuuliza "Si umekula?" kauli iliyomo ni "umekula", na ukijibu "ndiyo" umekubali kwamba umekula. Akikuuliza "Hujala?" kauli iliyomo ni "hujala", na "ndiyo" yako inakubali kwamba hujala. Kiswahili kimetenga waziwazi mambo haya mawili kwa kuweka ukanusho mahali tofauti. Kiingereza hukorofisha hapa, kwa sababu umbo moja la swali kanushi linaweza kubeba nia zote mbili: muulizaji anayeamini umekula na anataka uthibitishe, na muulizaji aliyeanza kushuku kwamba hujala. Mkalimani anapopokea swali kama hilo anapaswa kwanza kujiuliza anayeuliza anategemea nini, ndipo achague "Si umekula?" au "Hujala?" Muuguzi wetu alitegemea kusikia kwamba mgonjwa amefunga, kwa hiyo "Hujala?" ilikuwa tafsiri sahihi. Kosa halikuwa katika kwenda. Lilikuwa katika kurudi.

Mkalimani alinipinga katika jambo moja, na pingamizi lake lilikuwa na msingi. Alisema kwamba yeye mwenyewe, akiulizwa nyumbani kwao "Hujala?" naye akiwa hajala, wakati mwingine husema "hapana, sijala", na hakuna anayemwelewa vibaya. Ni kweli. Nadhani katika "ndiyo" na "hapana" hatuna mapacha. "Ndiyo" inayojibu swali kanushi imesimama imara kwa wazungumzaji wengi, na anayeijibu "Hujala?" kwa "ndiyo" karibu kila mara anamaanisha sijala. "Hapana" inayumba. Asili yake ni kukana kwa "pana", yaani mahali hapo hakuna kitu, na hali hiyo inaiwezesha kutazama pande mbili. Inaweza kuipinga kauli ya muulizaji, "si hivyo usemavyo, nimekula", na inaweza kusema tu kwamba hakuna, "hakuna nilichokula." Kwa walioishi na Kiingereza shuleni na kazini, matumizi haya ya pili yanapata nguvu zaidi, lakini siamini kwamba yametoka kwa Kiingereza peke yake, kwa kuwa mbegu yake imo katika neno lenyewe. Neno linaloipinga kauli bila kuyumba ni "siyo", lakini watu wachache hulitumia kujibu swali la muuguzi.

Kwa sababu hiyo mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili hayategemei neno moja. Tunajibu kwa kitenzi. "Hutaki chai?" "Nataka." "Hutaki chai?" "Sitaki, nimeshiba." Na kwa kitenzi chenye "-ja-" tuna neno la tatu ambalo Kiingereza kingetamani kuwa nalo: "bado". "Hujala?" "Bado." Hakuna namna ya kulipindua jibu hilo. Lau mama angejibu "bado" kwa swali la kwanza, kama ambavyo angemjibu jirani yake, mkalimani angelazimika kusema kwa Kiingereza kwamba hajala, kwa kuwa hakuna neno moja la upande wa pili la kumshawishi kuliweka hapo. Hatari ya "ndiyo" na "hapana" inatokana na kwamba kila moja ina mwenzake wa Kiingereza aliye tayari, na mkalimani aliyechoka, katika simu ya ishirini ya siku, huliona daraja hilo na kulivuka bila kutazama chini.

Kwa nini, basi, mama hakujibu kwa kitenzi au kwa "bado"? Nilimuuliza mkalimani swali linasikikaje linapotoka kwenye spika ya simu iliyowekwa juu ya meza, na maelezo yake yanatosha. Sauti ni ya mtu usiyemwona, maswali yanafuatana kwa kasi, chumba ni cha baridi na umevaa gauni la hospitali. Katika hali hiyo watu hufupisha, hujibu kama wanaojibu ofisini au mahakamani, na majibu ya ofisini ni "ndiyo" na "hapana".

Tukafika kwenye lililopaswa kufanywa. Kanuni niliyompa mkalimani ni nyembamba: swali likiwa kanushi, usivushe kamwe "ndiyo" au "hapana" peke yake, vusha kauli nzima. Kwa "Hujala?" "Ndiyo", mwambie muuguzi kwa Kiingereza, "Ni kweli, sijala." Huongezi kitu ambacho mgonjwa hakusema, unatoa kwa maneno mengi kile alichokisema kwa moja, na uaminifu wa ukalimani unapimwa kwa maana. Kwa "Hujanywa?" "Hapana" usivushe chochote, kwa kuwa hujui. Jitaje kwa uwazi, mwambie muuguzi kwamba mkalimani anaomba kufafanua jibu, kisha mwulize mgonjwa: "Mama, hapana hujanywa, au hapana umekunywa?" Swali hilo lina maneno machache, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili hulielewa mara moja, kwa sababu naye huulizana hivyo na watu wake nyumbani. Kinachokatazwa ni kukisia kimya kimya, hata kama kisio linaelekea kuwa sahihi.

Upande wa muuguzi, dawa ni kuliacha swali kanushi. "Mara ya mwisho umekula nini, na saa ngapi?" halijibiki kwa "ndiyo" wala "hapana", na linatoa saa ambayo mtaalamu wa usingizi anaihitaji kwa hesabu yake. Vivyo hivyo kwa kinywaji, huku maziwa yakitajwa kwa jina, kwa kuwa kwa wengi wetu kikombe cha chai bila maziwa si chai kamili, na mgonjwa hatakumbuka kusema kwamba yalikuwemo. Muuguzi huyu aliligundua hilo mwenyewe aliposema "umeweka nini mdomoni", na ningependa lile liwe swali la kwanza katika fomu badala ya la mwisho katika mkanganyiko. Fomu zilizotafsiriwa zina ugonjwa uo huo: sentensi kama "Huna mzio wa dawa yoyote" yenye visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana, humfanya mtu asiye na mzio aweke alama kwenye "ndiyo", na msomaji wa Kiingereza aihesabu kuwa ana mzio. Kisanduku hakiwezi kuulizwa kimekusudia nini.

Ipo mipaka ya tiba hii. Katika chumba cha mahakama mkalimani hana ruhusa ya kulinyoosha swali la wakili, kwa sababu umbo kanushi linaweza kuwa ndilo silaha ya wakili, na kuliondoa ni kumsaidia upande mmoja. Hapo hulivusha likiwa na ukanusho wake, na kazi yote huangukia kwenye jibu. Mpaka wa pili ni mgumu zaidi: wagonjwa wengi husema "ndiyo" ya kuonyesha kwamba wanasikiliza, kama mtu anavyoitika "ee" akisimuliwa habari. "Ndiyo" hiyo haithibitishi kitu. Inatambulika kwa wakati wake, maana huja kabla swali halijaisha, au hurudiwa mara mbili tatu kwa sauti ile ile katika maswali yasiyofanana. Mkalimani akiisikia hana budi kumaliza swali, kunyamaza kidogo, na kungoja kitenzi.

Mkalimani yule yule ndiye aliyepokea simu kutoka kwenye chumba cha wagonjwa alasiri ile, upasuaji ulipokuwa umekwisha salama. Ulifanywa kwa matundu madogo, tumbo likijazwa gesi ili daktari apate nafasi ya kuona. Muuguzi wa zamu, ambaye hakuwa na habari ya yaliyotokea asubuhi, akauliza kwa kukana: "Huna maumivu tumboni?"

Mama akasema, "Hapana."

Kwa kanuni aliyoitumia mama asubuhi, jibu hilo lilimaanisha anayo. Safari hii mkalimani hakuvusha. Alimwambia muuguzi kwamba anafafanua, kisha akauliza: "Mama, hapana huna, au hapana unayo?"

"Tumboni sina," akajibu. "Bega la kulia ndilo linaniuma."

Mama huyo huyo, siku hiyo hiyo, alikuwa ameitumia "hapana" kwa maana ya pili, ya kwamba hakuna, na kama mkalimani angelifuata somo la asubuhi kama fomula angelipindua jibu kwa mara nyingine, ila kwa upande wa pili. Maumivu ya bega yana maelezo yake, kwa kuwa gesi inayobaki tumboni husumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na neva za kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Wauguzi wa upasuaji wa namna hii huyajua. Muuguzi akauliza ni makali kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Mama akasema 4, mkalimani akavusha namba pamoja na bega, na muuguzi akaandika vyote viwili.